Sisi, Yaani Mimi

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Nimechaguliwa! Mimi! Jumamosi hii, mbele ya mgeni rasmi, ndiye nitakayesoma hotuba kwa niaba ya wahitimu wote wa uokaji mikate. Darasa zima litasema kwa mdomo huu huu ninaotafunia.

Wenye wivu watasema uchaguzi ulikuwa na kasoro. Kasoro gani? Niliitisha kura wakati mikate iko tanurini na wenzangu wote wamekwenda kuichungulia. Darasani tulibaki mimi na Kimya. Kimya ni mwenzetu ambaye tangu chuo kianze hajasema maneno ya kujaza kijiko. Nikauliza nani anapinga. Kimya akanyamaza. Kwa kauli moja nikapita.

Kamusi alikasirika. Ni binti mdogo anayejua neno sahihi la kila kitu, ndiyo maana tunamwita hivyo. Wote walitaka asome yeye. Akaniuliza, hivi kaka, utasema nini kuhusu sisi? Nikamwambia mdogo wangu tulia, mtu aliyekuwa utingo wa malori ya masafa marefu hashindwi na maneno.

Hapa ndani ya shajara niseme ukweli. Hii hotuba siitaki kwa ajili ya sifa. (Kidogo tu.) Mke wangu yuko kwa baba yake na watoto tangu nilipofungua kiwanda cha sabuni bafuni na bafu likaungua. Aliniambia kwa simu: anataka kuniona nimemaliza kitu kimoja. Kimoja tu, mume wangu, bila vituko. Atakuja Jumamosi na baba mkwe. Nikisimama vizuri na kukaa vizuri, anarudi nami nyumbani siku hiyo hiyo.

Kusimama najua. Kukaa ndiko sijawahi kujaribu.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Hotuba imekamilika kabla ya chai. Kurasa tisa! Nimeanzia utotoni, nikapita kwenye malori, nikaja kwenye meli niliyopikia, nikaeleza jinsi nilivyomfundisha Mwitaliano kupika tambi. Mkate unaingia ukurasa wa nane.

Nikampelekea Mwalimu jikoni. Mwalimu wetu ni mama mwenye mikono mipana kama koleo, na huwa hapazi sauti. Alifuta unga mikononi, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuzungushia duara kila penye "mimi", "nili" na "yangu". Ukurasa wa tatu kalamu ikakauka.

Akaniambia hotuba ya wahitimu ni dakika nne. Ukurasa mmoja na nusu. Itifaki fupi: mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wageni, wenzako, basi, usimtaje hadi binamu wa mkuu. Akasema msemaji wa darasa ni kama bomba. Watu wanataka maji, hawana haja ya kusikia habari za bomba.

Nilimwambia bomba nalo lina historia yake. Akarudi kukanda.

Nimeumia. Kurasa tisa, jamani!

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Nimekuja na mbinu. Kama hawanitaki mimi, nitawapa kile wanachopewa siku zote. Nimeandika upya: leo ni siku ya furaha isiyo kifani, elimu ni ufunguo, walimu ni taa zetu, asanteni kwa kutulea, tunaahidi kuwa mabalozi wema. Hakuna "mimi" hata moja. Nimejinyima kama mtu aliyefunga.

Nikamsomea Kamusi ili aumie. Hakuumia. Akasema ameshaisikia hiyo hotuba kwenye mahafali ya madereva, ya wauguzi, na ya chekechea ya mdogo wake, ambako mtoto aliisoma vizuri zaidi na alikuwa amevaa mabawa.

Mwalimu akatoa sheria yake. Chukua kila sentensi. Ikiwa ingeweza kusomwa chuo chochote, futa. Ikiwa ni wewe peke yako duniani unayeweza kuisema, futa. Itakayobaki ndiyo hotuba.

Nimekaa mezani na hotuba zote mbili. Ile ya kwanza imefutika yote kwa sababu ya sheria ya pili. Ile ya pili imefutika yote kwa sababu ya sheria ya kwanza. Nimebaki na neno moja: "Asanteni."

Nimelitazama mpaka nikalichukia. Sijui mke wangu atarudi kwa neno moja. Hata barua ya kudai kodi huwa na maneno mengi kuliko hayo.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Mwalimu amenipa mtihani. Nipite kwa kila mwenzangu nimuulize kitu kimoja tu: utakumbuka nini? Nisicheke, nisisimulie changu, niandike. Kesho mchana aone karatasi, la sivyo anasoma Kamusi. Na amenitaka niape kwamba nitasoma kilichoandikwa bila kuongeza nukta.

Kunyamaza wakati mtu mwingine anaongea ni kazi nzito kuliko gunia la unga. Nimetoka jasho.

Lakini wamesema mambo! Kimya alifikiri sana, halafu akasema: tulikuwa tunachelewa kwenda nyumbani msimu wa baridi kwa sababu jikoni kulikuwa na joto. Basi. Hakuongeza. Mwingine akataka ashukuriwe mlinzi aliyetufungulia geti alfajiri na kila siku akatuuliza kama mkate wa jana umebaki. Watatu walimtaja Mama Pacha, aliyeacha masomo alipojifungua. Aproni yake bado iko kwenye msumari na hakuna aliyethubutu kuivaa.

Na wote, kabisa wote, wametaja chumvi.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa kwanza wa masomo tulikanda beseni moja kubwa la darasa zima. Kila mmoja aliyepita pale akajisemea moyoni, hawa wenzangu wamesahau chumvi, ngoja niwasaidie kimyakimya. Akatia. Tukatia wote. Mkate ukaumuka vizuri, ukaiva rangi ya dhahabu. Mwalimu akauma kipande, akatafuna, akameza, akaenda bombani akanywa maji kama ngamia. Akarudi akasema kila mmoja wenu amefanya vizuri, ila hakuna aliyemuuliza mwenzake. Tangu siku hiyo mtu akitia chumvi hupiga kelele "Chumvi!" na jiko zima linajibu "Imeingia!"

Kamusi ameyapanga yote kwenye ukurasa mmoja na nusu. Amesema nisome tu hivyo, kaka, watu watalia.

Nimeisoma. Ni nzuri. Ndilo tatizo. Mimi simo! Mke wangu atasikia habari za mlinzi, za aproni, za chumvi, na mume wake hayumo. Atarudi kwa mlinzi?

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Mtaniita mjanja.

Asubuhi nimempa Mwalimu karatasi ya Kamusi. Akaisoma akiwa amesimama, akafumba macho kidogo, akatia sahihi. Akasema leo umekua. Nikaona haya, ikanipita.

Kutoka hapo moja kwa moja mpaka duka la steshenari, ambako ilikuwa imeshachapwa hotuba yangu ya kwanza, kurasa tisa nilizozipunguza zikawa tatu. Nilikuwa nimeshagundua kosa lake. Mwalimu alichokataa ni "mimi". Basi iwe "sisi"! Mambo ni yale yale, nguo mpya. Nani atasema najisifu?

Dada wa steshenari akasema kompyuta inaweza kubadilisha neno lote popote lilipo kwa mara moja. Maajabu! Nikamwagiza kama mkurugenzi. Penye "mimi" weka "sisi". Penye "angu" weka "etu", ili "wangu" iwe "wetu" na "yangu" iwe "yetu". Na penye "ni" weka "tu", maana nilikwenda ni tulikwenda, nilipika ni tulipika. Sarufi hiyo, dada, tumeisoma.

Akaniuliza nina hakika, penye "ni" zote? Nikamwambia zote, usibague. Akabonyeza. Karatasi zikatoka zikiwa na joto kama mkate. Nikazikunja nikatia mfukoni. Sikuzisoma, mtu hasomi kazi yake mwenyewe.

Nimepiga pasi shati. Nimepiga deki nyumba nzima. Nimetandika kitanda pande zote mbili.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Naandika mchana huu huu.

Ukumbi ulijaa. Mke wangu alikaa safu ya nne, gauni la bluu, mzuri mpaka nikasahau jina langu. Pembeni yake baba mkwe, mpima ardhi mstaafu, ananitazama kama kiwanja chenye mgogoro. Huwa ananiita Mheshimiwa, na hanisifu. Mgeni rasmi alikuwa Mwenye Kiwanda, yule wa kiwanda kikubwa cha mikate. Wenzangu wote mstari wa mbele na kofia nyeupe.

Nikaitwa. Nikapanda. Nikakunjua. Nikasoma kwa sauti ya redio:

"Mgetu rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wagetu waalikwa na wahitimu wenzetu."

Nikasita. Mgetu? Nikajiambia labda ndicho Kiswahili cha mahafali. Nimeapa kutoongeza nukta. Nikaendelea.

"Sisi tu mtu tuliyezunguka dutua. Tetu utototu tulikuwa na kipaji. Tulipofika chuotu, tulikuwa sijui hata mizatu tu tutu."

Kamusi ameziba mdomo kwa kofia. Mkuu wa chuo anamuuliza jirani yake kama ni lugha ya waokaji.

Jasho. Nikaruka mstari. "Mwalimu wetu tu mpishi." Nilikuwa nimeandika "ni mpishi", mbele za Mungu! Mwalimu akanyanyua nyusi. Nikaruka aya nzima nikatafuta mahali penye usalama, nikaliona jina la mke wangu likitaka kuja, nikasema moyoni hapa ndipo nitapona. Nikapaza sauti:

"Zaidi ya wote, tunamshukuru mke wetu. Mke wetu ametuvumilia miaka yote. Ametulisha, ametufulia. Bila yeye tusingelala. Na baba mkwe wetu yuko hapa, ambaye kwa moyo mweupe alituozesha binti yake."

Mama yangu wee!

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja kama lori lisilo na breki. Wahitimu wanaume wanatazamana. Mke wa mmoja wao akamgeukia mumewe akamuuliza kitu, na yule akawa anaapa kwa mikono miwili. Mwenye Kiwanda kainama anashika tumbo. Baba mkwe hakucheka. Alikuwa anahesabu waoaji kwa kidole, safu ya mbele, mmoja mmoja. Mke wangu ameinamisha uso kwenye mkoba.

Nikataka kufa pale pale. Sikuwa na neno. Mimi, sina neno!

Ndipo nikamwona Kamusi. Alikuwa ananitazama bila kucheka, na vidole vyake vinanyunyiza hewani. Chumvi. Anasema chumvi.

Nikaweka karatasi chini. Nikawaambia wageni kwamba hayo yalikuwa makosa, na darasa letu linajua makosa. Nikawasimulia beseni. Jinsi kila mmoja alivyodhani wenzake wamesahau, akawasaidia kwa siri, na tukapika mkate ambao ungeweza kuhifadhi samaki. Jinsi Mwalimu alivyokunywa maji. Sikusema nani alitia zaidi. Wote tulitia. Nikawaambia kwamba baadaye tulijifunza kuulizana, na kwamba hiyo ndiyo hesabu ngumu kuliko ya mizani. Kwamba msimu wa baridi tulikuwa hatutaki kwenda nyumbani kwa sababu jikoni kulikuwa na joto. Hapo Kimya akavua kofia. Kwamba kuna aproni moja iko kwenye msumari, mwenye nayo analea, na cheti chetu bila yeye kina nafasi wazi. Kwamba kila alfajiri mtu mmoja alitufungulia geti. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni. Watu wote wakageuka kumtazama, akanyoosha kola.

Nikasema: "Chumvi!"

Darasa zima likasimama: "Imeingia!"

Jamani. Ukuta ulitikisika. Mwalimu alikuwa anafuta macho kwa kiganja chenye unga wa asubuhi. Na mke wangu amesimama, mikono juu, anapiga makofi, anacheka kile kicheko cha meno yote, ambacho sijakiona tangu kabla ya sabuni.

Kamusi akanionyesha kwa kiganja: kaa. Mwalimu akanionyesha: kaa. Hata Kimya akatamka, nimemsikia kwa masikio yangu: kaa, ndugu.

Ningekaa. Ningekaa tu.

Lakini makofi yalikuwa matamu! Nikashika kipaza sauti nikasema, "Sasa ngojeni niwaeleze mimi nilifikaje hapa."

Nikawapa malori. Nikawapa meli. Nikawapa Mwitaliano, na tambi zake, kwa ishara. Nilipofika kwenye kiwanda cha sabuni kipaza sauti kikazimwa. Nikaendelea kwa koo. Nilipotazama safu ya nne kulikuwa na viti viwili vitupu.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Baba mkwe amepiga simu. Mheshimiwa, akasema, nimepokea salamu zenu. Suala la mke wa darasa zima haliwezi kuamuliwa na mtu mmoja, hivyo walete wenzako wote, tujadili mipaka ya kiwanja. Nikacheka ili aone tuko pamoja. Hatukuwa pamoja.

Kisha akaja mke wangu kwenye simu. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Alisema yale ya "mke wetu" alikuwa ameshayasamehe, yalimchekesha hata yeye. Alipoisikia chumvi alimwambia baba yake, mzee, mimi leo narudi kwangu. Alikuwa ameshika mkoba. Alisema kwa mara ya kwanza alinisikia nikiongea na watu wengine wakawa wamo ndani. Halafu, akasema, ukasema "mimi".

Nikaanza kumweleza kwamba kwa kweli mimi… Akakata.

Wenzangu Mwenye Kiwanda amewachukua wote kwa majaribio. Mimi amesema atanifikiria ikipatikana idara isiyo na kipaza sauti.

Nyumba ni safi mno. Sijui pa kukaa. Nimekaa jikoni, nimekata mkate nilioupika kumkaribisha, nimekula upande wangu nikauacha wake. Umekauka.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Kamusi amekuja kuniletea cheti. Nilikisahau chini ya kiti! Hata kumaliza kwenyewe sikumaliza. Akanikuta na ndevu na shati la Jumamosi. Akanionea huruma, akakaa, akanipikia chai. Moyo wa dhahabu huyu binti, nitamtafutia mchumba, nawajua watu.

Aliniambia kaka, usiende kuhutubia. Mwandikie shemeji mistari michache, na iwe ya ninyi wawili. Tukaandika pamoja. Yaani aliandika yeye, mimi nikalia. Ilisema: "Tumekosana. Turudi nyumbani. Tukae, tuzungumze, tuwalee watoto. Tukishindwa, tuulizane." Aliniambia ipeleke hivyo hivyo kwa mkono wako, usiiguse.

Nikaisoma njia nzima. Nzuri, lakini kitu kilikuwa kinaniwasha. Nikasimama katikati ya barabara, muuza maji akanigonga na mkokoteni, na hapo hapo nikagundua. Ni hiyo "tu"! Si ndiyo iliyoniua Jumamosi? Kila balaa lililonipata lilianza na "tu". Mtu mzima anajifunza kutokana na makosa yake.

Nikapita steshenari. Nimemwambia dada aichape na kila penye "tu" aweke "ni". Safari hii nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno, kwa sauti, dukani:

"Nimekosana. Nirudi nyumbani. Nikae, nizungumze, niwalee watoto. Nikishindwa, niulizane."

Imeshapelekwa. Imetulia, imenyooka, ya kiume. Inasikika kama mimi mwenyewe kabisa.